Kuzimia usiku kwa mtu anayetumia vidonge vya presha na kunywa pombe: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwanamume mwenye umri wa miaka 61 aliamka saa 9 usiku kwenda kukojoa. Aliinuka kitandani kwa haraka kwa sababu mkojo ulikuwa umembana, akatembea hadi chooni, na akiwa bado amesimama anakojoa akasikia masikio yakivuma na macho yakiingia giza. Mkewe alisikia kishindo. Alipofika alimkuta mumewe sakafuni, amepauka, jasho likimtoka, na damu ikitiririka kutoka kwenye jeraha lililo juu ya unyusi wa kushoto. Haikupita dakika moja kabla hajafumbua macho, akamtambua mkewe na kumuuliza kilichotokea. Hakuwa amejing'ata ulimi, hakuna aliyemwona akitupa viungo, na maneno yake yalieleweka tangu la kwanza.

Kisa hiki ni cha mfano. Mhusika wake si mtu mmoja anayejulikana, lakini mambo yaliyompata ni yale ambayo wahudumu wa afya hukutana nayo mara kwa mara. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo onyo fupi la "usichanganye dawa na pombe" haliligusi: pombe ile ile inaweza kumshusha mtu presha usiku na kumpandishia presha asubuhi inayofuata, na daktari anayeona kipimo cha asubuhi peke yake anaweza kuongeza dawa inayomwangusha mgonjwa usiku.

Dawa zake na namna alivyozitumia

Matibabu yake yalianza mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya kuanguka. Alianza na amlodipini miligramu 5 kila asubuhi, dawa inayolegeza kuta za mishipa ya damu ili damu ipite kwa msukumo mdogo. Kliniki yake ilikuwa siku za Jumatatu, saa 5 asubuhi. Kipimo kilipoendelea kusoma 156 kwa 96, amlodipini iliongezwa hadi miligramu 10. Baadaye ikaongezwa haidroklorothiazidi miligramu 25, ambayo huzifanya figo zitoe chumvi na maji zaidi kupitia mkojo. Alipolalamika kwamba anaamka mara nne usiku kwenda kukojoa, alichunguzwa, akaonekana ana tezi dume iliyokua kiasi, na akapewa doksazosini ya kumeza wakati wa kulala. Dawa hiyo ilichaguliwa kwa nia njema, kwa kuwa hulegeza misuli ya njia ya mkojo na wakati huohuo hushusha presha. Alianza na miligramu 1, akapandishwa hadi 2.

Alikuwa akinywa bia Jumamosi usiku, na Jumapili tangu saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, kwa sababu Jumatatu ilikuwa siku ya kazi na ya kliniki. Alipoulizwa kliniki kama anakunywa, alijibu "kidogo, mwisho wa wiki," na hakuna aliyeuliza kidogo hicho ni chupa ngapi. Zilikuwa nne za mililita 500 kila siku ya kunywa. Chupa moja ya ukubwa huo, ikiwa na pombe ya asilimia 5, ina takribani gramu 20 za pombe halisi, kwa hiyo chupa nne zinampa mtu gramu 80.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kliniki haikulijua. Shemeji yake, ambaye naye alikuwa na presha, alikuwa amemwambia kwamba vidonge na pombe "vinapigana", hivyo siku ya kunywa ni salama zaidi kuacha vidonge. Kwa miezi mingi mgonjwa huyu hakumeza dawa yoyote Jumamosi na Jumapili. Alifanya hivyo kwa uangalifu kabisa, akiamini kwamba anajilinda.

Jumatatu ya kliniki

Wiki ya kuanguka ilianza na kipimo cha 158 kwa 94. Daktari alimuuliza kama anameza dawa ipasavyo, naye akakiri kwamba huruka siku mbili za mwisho wa wiki, bila kutaja sababu. Daktari akamweleza kwa msisitizo kwamba dawa za presha ni za kila siku, na akaipandisha doksazosini hadi miligramu 4.

Tukitazama kipimo hicho peke yake, uamuzi wa kuongeza dawa unaeleweka. Hata hivyo, nyuma yake kulikuwa na sababu mbili ambazo hazikutokana na udhaifu wa dawa. Ya kwanza ni siku mbili bila vidonge. Ya pili ni pombe yenyewe. Kiasi kikubwa cha pombe, yaani zaidi ya gramu 30 kwa mara moja, hushusha presha kwa saa kadhaa, hadi kufikia saa 12 hivi baada ya kunywa, kisha presha hugeuka na kupanda juu ya kiwango chake cha kawaida kuanzia saa ya 13 na kuendelea. Mtu aliyekunywa Jumapili kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku, akapimwa Jumatatu saa 5 asubuhi, anapimwa saa 15 hadi 18 baada ya pombe, ndani kabisa ya kipindi cha kupanda. Kila kipimo cha Jumatatu kilichotumika kumwongezea dawa kilichukuliwa katika kipindi hicho hicho.

Hapa ndipo penye fundo la kisa hiki. Dawa iliongezwa ili kushusha presha ya Jumatatu asubuhi, lakini dawa haichagui saa, na hasa doksazosini inayomezwa usiku hufanya kazi yake kubwa usiku uleule. Mzigo wake ukaangukia saa zile ambazo pombe nayo ilikuwa ikishusha presha.

Kizunguzungu cha Alhamisi

Kuanzia Jumatatu hiyo mgonjwa alimeza kila kidonge kama alivyoagizwa. Alhamisi asubuhi, alipoinuka kutoka kwenye kiti, alisikia kichwa chepesi na macho yakaingia giza kwa sekunde chache. Ijumaa hali hiyo ilijirudia mara tatu, ikiambatana na maumivu ya shingo na mabega yaliyotulia alipoketi. Akamwambia mkewe, "Presha imepanda, nahisi kichwa kinazunguka." Akameza amlodipini nyingine ya miligramu 10 mchana huo, juu ya ile ya asubuhi.

Imani kwamba kizunguzungu ni ishara ya presha kupanda imewatia watu wengi hatarini. Presha ya juu kwa kawaida haina dalili yoyote inayohisiwa, na ndiyo sababu mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kujua. Kizunguzungu kinachokuja wakati wa kuinuka na kuondoka baada ya kuketi au kulala, kwa mtu ambaye dawa zake zimeongezwa hivi karibuni, kinaelekeza upande wa pili: presha inashuka anaposimama. Maumivu ya shingo na mabega yanayokuja wakati wa kusimama na kupungua wakati wa kuketi au kulala nayo ni ya upande huohuo, kwa kuwa misuli ya sehemu hizo inapata damu pungufu. Mashine ya kupimia presha ingemaliza shaka hiyo kwa dakika tano, na alikuwa nayo nyumbani. Hakuitumia kwa sababu hakuwa na shaka.

Kidonge cha ziada nacho kina hesabu yake. Amlodipini hufika kilele chake katika damu saa 6 hadi 12 baada ya kumezwa, na huchukua kati ya saa 30 na 50 kupungua hadi nusu. Kidonge kilichomezwa Ijumaa mchana kwa ajili ya kizunguzungu cha siku ile kilikuwa bado na nguvu kubwa Jumamosi usiku.

Saa 9 usiku

Jumamosi alijisikia nafuu kidogo. Alimeza dawa zake za asubuhi, akanywa bia nne kati ya saa 2 na saa 5 usiku, na kabla ya kulala akameza doksazosini miligramu 4. Kwa mara ya kwanza tangu aanze matibabu, dawa zote tatu na pombe zilikutana katika mwili wake usiku mmoja.

Mtu anaposimama, damu kati ya nusu lita na karibu lita moja huteremka kwenye miguu na sehemu ya chini ya tumbo. Mwili hujibu kwa sekunde chache: mishipa ya neva huiamuru mishipa ya damu ijikaze, na moyo hupiga kwa kasi zaidi, ili damu iendelee kufika kwenye ubongo. Pombe huidhoofisha hatua hiyo ya kujikaza. Mtu aliyelala au kuketi anaweza asione tofauti yoyote, na kipimo chake kikawa cha kuridhisha, lakini anaposimama mishipa yake hubaki imelegea. Doksazosini hufanya jambo linalokaribiana na hilo kwa njia nyingine, kwa kuziba vipokezi ambavyo ndivyo vinavyopokea amri ya kujikaza, na athari yake kubwa ya kushusha presha huonekana kati ya saa 2 na saa 6 baada ya kumezwa. Saa 9 usiku ilikuwa saa ya nne. Amlodipini, kwa kidonge kimoja na nusu au zaidi kilichokuwa bado mwilini, ilikuwa nayo imeilegeza mishipa hiyohiyo.

Upande wa maji nao haukuwa salama. Haidroklorothiazidi ilikuwa imepunguza maji na chumvi kwa siku sita mfululizo bila mapumziko ya mwisho wa wiki aliyoyazoea. Pombe huzuia homoni inayoziambia figo zihifadhi maji, ndiyo maana mnywaji hukojoa zaidi ya alichokunywa na kuamka na kiu. Damu iliyokuwa ikizunguka ilikuwa pungufu, ndani ya mishipa iliyolegea.

Kitendo cha kukojoa kwa kusimama kikamaliza yaliyobaki. Kibofu kilichojaa sana kinapomwagwa, mwili unaweza kupunguza kasi ya moyo na kuilegeza zaidi mishipa ya damu kwa muda mfupi. Kuna wanaume wasiotumia dawa yoyote wanaozimia kwa njia hii usiku, hasa baada ya kunywa. Kwa huyu, kilichokuwa kimebaki kumshikilia kilikuwa kidogo mno.

Mtu anaweza kuuliza kama pombe haikuwa imeshaisha mwilini, maana saa nne zilikuwa zimepita tangu bia ya mwisho. Watu wazima wengi huondoa gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 9 usiku ni saa saba, kwa hiyo katika gramu 80 alikuwa ameondoa kati ya 49 na 70. Alisimama kitandani akiwa bado na gramu 10 hadi 31, na usingizi, maji au kahawa havikuweza kuiharakisha kazi hiyo. Zaidi ya hayo, mkojo uliokwisha kutoka haurudi pombe inapoisha.

Kupimwa akiwa amelala, kisha akiwa amesimama

Alifikishwa hospitali alfajiri. Presha yake akiwa amelala kwa dakika tano ilikuwa 118 kwa 70, mapigo ya moyo 84 kwa dakika. Mtu anayesoma namba hizo peke yake angesema presha imetulia vizuri. Daktari wa zamu alimsimamisha, muuguzi akiwa amemshika. Baada ya dakika moja mashine ilisoma 92 kwa 58, mapigo 104, na mgonjwa akasema giza linarudi, wakamlaza bila kusubiri kipimo cha dakika ya tatu.

Presha inahesabiwa kuwa imeshuka isivyo kawaida ikiwa, ndani ya dakika tatu za kusimama, namba ya juu imepungua kwa 20 au zaidi, au namba ya chini kwa 10 au zaidi. Kwake zilipungua kwa 26 na 12. Ongezeko la mapigo lina maana yake pia. Moyo uliongeza mapigo 20, yaani neva zilizouamuru zilikuwa zikifanya kazi, na tatizo lilikuwa kwenye mishipa iliyolegea na upungufu wa maji. Kama presha ingeshuka kiasi hicho na mapigo yakabaki palepale, daktari angelazimika kufikiria dawa zinazouzuia moyo kuongeza kasi, au neva zilizoharibika, ambazo kisukari cha muda mrefu na pombe ya miaka mingi huweza kuziharibu.

Harufu ya pombe kinywani inaweza kumshawishi mtu aache uchunguzi, na hilo ni kosa. Sukari ya damu ilipimwa na kukutwa 5.2, kwa kuwa pombe inaweza kushusha sukari, na sukari ikishuka mtu huzimia vilevile. Umeme wa moyo ulipimwa kwa sababu kunywa kwa wingi kunaweza kuufanya moyo upige bila mpangilio, lakini wake ulikuwa wa kawaida. Sodiamu ilikuwa 132 na potasiamu 3.3, zote chini kidogo ya kiwango, kama inavyotarajiwa kwa mtu anayetumia haidroklorothiazidi na kunywa bia. Kichwa kilipigwa picha ya CT kwa sababu ya umri wake, jeraha na pombe, na hakukuwa na damu ndani.

Degedege lilizingatiwa na kuwekwa kando. Aliyepata degedege mara nyingi huamka amechanganyikiwa kwa dakika nyingi, na huenda ameng'ata ulimi pembeni. Huyu aliamka haraka, akili yake ikiwa kamili, baada ya dalili za onyo alizozikumbuka vizuri. Ushahidi wa mke ndio uliosaidia zaidi hapa, na daktari alifanya vyema kumhoji yeye kabla ya kuagiza chochote.

Kilichobadilishwa

Daktari aliyempokea kliniki siku mbili baadaye alianza kwa kuuliza upya habari za pombe, chupa kwa chupa na saa kwa saa. Mgonjwa alisita. Daktari akamwambia, "Mzee wangu, sikuulizi ili nikugombeze. Nisipojua saa unayokunywa, siwezi kujua kipimo changu kinasema nini." Ndipo habari za shemeji na vidonge vilivyoachwa zikatoka zote.

Doksazosini ilisimamishwa. Haidroklorothiazidi ilisimamishwa pia kwa sababu ya sodiamu, na amlodipini ikarudishwa miligramu 5 za asubuhi. Aliombwa asinywe kabisa kwa wiki tatu na ajipime nyumbani asubuhi na jioni, akiwa ameketi kwa utulivu dakika tano, na mara moja kwa siku ajipime akiwa amelala, kisha baada ya dakika moja na tatu za kusimama, mkewe akiwa karibu. Daktari hakufanya mabadiliko hayo kwa kubahatisha, na msomaji mwenye dawa zinazofanana asiyaige bila kupimwa: mwingine mwenye dalili hizohizo anaweza kuwa na moyo dhaifu unaoihitaji sana dawa ya kutoa maji.

Wiki tatu zilipokwisha, wastani wake akiwa ameketi ulikuwa 138 kwa 86, na akisimama namba ya juu ilipungua kwa 6 tu. Alikuwa akiamka kukojoa mara moja, mara chache mbili. Sehemu kubwa ya safari zake nne za usiku ilikuwa imetokana na bia pamoja na dawa ya kutoa maji, na doksazosini ilikuwa imeongezwa kutibu tatizo ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa na sababu nyingine. Presha ya 138 kwa 86 bado ilikuwa juu ya lengo walilokubaliana la kufika chini ya 130 kwa 80, hivyo akaongezewa losatani miligramu 50 asubuhi, akapangiwa kupimwa figo na potasiamu baada ya wiki mbili. Kliniki yake ilihamishwa kutoka Jumatatu hadi Alhamisi.

Alipotaka kujua kama anaweza kurudia bia, hakupewa jibu la kumfurahisha wala la kumtisha. Aliambiwa kwamba kwake lililo bora ni kuacha, kwa kuwa pombe ya mara kwa mara huipandisha presha kwa muda mrefu, na kupunguza unywaji ni sehemu ya matibabu yenyewe. Akiamua kunywa, isizidi chupa moja kwa siku hiyo, anywe ameketi na akiwa amekula, na dawa ya asubuhi aimeze kama kawaida. Ushauri wa shemeji ulikataliwa waziwazi: kuacha vidonge ili kunywa kunampa mtu siku mbili za presha isiyodhibitiwa, kunampa daktari kipimo cha uongo, na kwa dawa fulani kuna hatari ya moja kwa moja. Klonidini ikikatwa ghafla presha huweza kuruka juu sana ndani ya siku moja au mbili, na atenololi au propranololi zikikatwa ghafla zinaweza kuamsha maumivu ya kifua kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Hata doksazosini, mtu akiiruka kwa siku kadhaa, hatakiwi kuirudia kwa kipimo kikubwa alichoachia, bali huanza tena na miligramu 1 kwa maelekezo ya daktari.

Vidonge vinavyohitaji tahadhari zaidi

Vidonge vya presha havilingani katika jambo hili. Doksazosini, prazosini na terazosini ndizo zinazoongoza kwa kumwangusha mtu anaposimama, hasa katika siku za kwanza na kila kipimo kinapopandishwa. Tamsulosini hutolewa kwa ajili ya tezi dume tu, lakini inaweza kufanya hivyo pia, na wengi hawaitaji wanapoulizwa dawa zao za presha. Mwanamume anayetumia mojawapo ya hizi, akameza na sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, kisha akanywa pombe, anaunganisha vitu vitatu vinavyolegeza mishipa ya damu kwa usiku mmoja.

Methildopa na klonidini huleta usingizi ambao pombe huuongeza. Atenololi na ndugu zake huuzuia moyo kuongeza kasi pale presha inaposhuka. Verapamili hupunguza kasi ya mwili kuondoa pombe, kwa hiyo kiasi kilekile humlevya mtu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Amlodipini, enalaprili na losatani mara nyingi huvumiliwa vizuri na kinywaji kimoja, ila hali hubadilika mtu anapokuwa ametapika, ameharisha, amefanya kazi juani au ameongezewa dawa wiki hiyo.

Anayesikia dalili za onyo akiwa amesimama asijaribu kufika kitandani. Aketi au alale chini palepale alipo, ainue miguu, na asiinuke hadi kichwa kitulie, kisha akae kitako dakika moja au mbili kabla ya kusimama. Akiwa hawezi kulala, kupishanisha miguu na kukaza mapaja na makalio husukuma damu juu na kumpa sekunde za kutosha kuketi. Wanaume wanaoamka usiku wakojoe wakiwa wameketi. Mgonjwa wetu alifundishwa yote haya, pamoja na kuwasha taa kabla ya kushusha miguu kitandani.

Kuzimia kwingine hakupaswi kuhusishwa na vidonge wala pombe mpaka moyo uchunguzwe: kuzimia wakati wa kukimbia au kubeba mzigo, kuzimia ukiwa umelala, kuzimia bila onyo lolote, au kunakoambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au moyo kwenda mbio. Choo cheusi kama lami kwa mnywaji anayepata kizunguzungu kinaweza kuwa damu inayovuja tumboni, na huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Aliyegonga kichwa afuatiliwe kwa wiki kadhaa, si usiku ule tu, kwa kuwa kwa wazee na wanywaji damu inaweza kujikusanya polepole juu ya ubongo na kujitokeza baadaye kwa maumivu ya kichwa yanayoongezeka, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja.

Agizo la kuacha pombe mara moja kwa wiki tatu lilimfaa mtu huyu kwa sababu alikuwa na siku tano kila wiki bila kunywa, na katika siku hizo hakutetemeka wala kutokwa jasho. Daktari aliliuliza hilo kwanza. Anayekunywa kila siku, anayehitaji pombe asubuhi ili mikono itulie, akiacha ghafla anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na baadaye kidogo kuchanganyikiwa kwa kiasi cha kuhatarisha maisha, huku presha na mapigo vikipanda sana. Huyo aseme wazi kiasi anachokunywa ili aachishwe chini ya uangalizi, akipewa dawa za kumtuliza na vitamini ya thiamini, na vidonge vyake vya presha vipangwe upya siku kwa siku kadiri vipimo vinavyobadilika.